Mistari Miwili kwa Mtoto Asiyenyoosha Mkono

Mwishoni mwa Mei, kabla shule za msingi hazijafunga muhula wa kwanza, ofisi ya walimu hujaa karatasi. Mwalimu mmoja anasoma alama kwa sauti, mwenzake anazijaza kwenye fomu, wa tatu anatafuta wastani na kupanga nafasi. Kazi hiyo inakula siku kadhaa. Kisha, wakati macho yameshachoka, inabaki sehemu ndogo chini ya jedwali: maoni ya mwalimu wa darasa. Ni mistari miwili, pengine mitatu kama aliyechapa fomu alikuwa mkarimu.

Mtoto anayeongoza darasa hampi mwalimu shida. Mtukutu naye hampi shida, maana visa vyake viko midomoni mwa ofisi nzima. Kalamu husita ikifika kwa yule aliyekaa dawati la tatu ukutani tangu Januari bila kunyoosha mkono, asiyechelewa, asiyegombana na mtu, ambaye madaftari yake yamejaa majibu ambayo mwalimu mwenyewe aliyasoma mara mbili. Mara nyingi huandikiwa: “Ana uwezo mzuri ila ni mkimya mno. Aongeze kujiamini.” Wapo walimu wanaomwandikia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mzazi akabaki anajiuliza kama aishukuru shule au amfiche mtoto.

Makala hii inahusu mistari hiyo miwili tu: namna ya kuiandika ili mzazi ajue jambo ambalo hakulijua, mtoto ajitambue ndani yake, na mwalimu wa muhula ujao apate pa kuanzia. Nianze kwa kusema ninachokiamini. Maoni yanayomhusu mtoto mkimya huharibika kwa sababu yanauandika ukimya wenyewe, ambao kila mtu nyumbani anaufahamu, na kuacha kuandika kazi yake, ambayo nje ya mwalimu hakuna aliyeisoma.

Tuchukue mfano. Msichana wa Darasa la Sita katika shule ya serikali, mji wa pwani, darasa la wanafunzi 80. Kiwango rasmi nchini Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini msomaji aliyepita karibuni kwenye shule ya mjini hatashangaa. Katika mtihani wa muhula amekuwa wa 11. Katika somo la sayansi waliulizwa kwa nini nguo zilizoanikwa hukauka haraka siku yenye upepo. Wengi waliandika mstari mmoja: upepo hukausha maji. Yeye alianza kuandika habari za jua, akalikata neno hilo kwa mstari ulionyooka, akaandika hivi: “Upepo unaondoa hewa yenye unyevu iliyo karibu na nguo na kuleta hewa nyingine kavu zaidi, kwa hiyo maji yanaendelea kugeuka mvuke. Lakini siku za masika hewa yote ina unyevu, kwa hiyo upepo peke yake hausaidii sana.”

Jibu hilo lina mambo matatu. Limetoa sababu, si tukio tu. Limetenganisha kazi ya jua na kazi ya upepo, maana swali liliuliza upepo, na mkato ule unaonyesha kwamba aligundua mwenyewe alikuwa anaelekea pengine. La tatu ni adimu zaidi kwa mtoto wa miaka 11 au 12: ameonyesha mahali ambapo maelezo yake yanafikia mwisho. Masika hayakuwamo katika swali wala katika kitabu. Ameyatoa kwenye kamba ya nguo ya nyumbani kwao.

Sasa rudi kwenye maoni yale ya kawaida. “Ana uwezo mzuri ila ni mkimya mno” hayabebi hata kimoja kati ya hayo. Uwezo upi, haukutajwa. Kinachobaki kichwani mwa baba anayesoma fomu kwenye mwanga wa simu ni kile kilichokuja baada ya “ila”. Na “aongeze kujiamini” ni amri isiyo na njia. Mtoto hawezi kuamka Jumatatu akaongeza kujiamini kama anayeongeza chumvi. Zaidi ya hayo, mwalimu hakuona kukosa kujiamini. Aliona mkono usionyooshwa. Sababu ya mkono huo kubaki chini ni jambo la kuchunguzwa, na uchunguzi huo ndio sehemu kubwa ya kazi ya kuandika maoni.

Uchunguzi unaanza na hesabu ndogo isiyomhusu mtoto kabisa. Kipindi kina dakika 40. Tuseme mwalimu anauliza maswali 20 ya mtu mmoja mmoja katika kipindi, na hayo ni mengi. Kwa darasa la wanafunzi 80, hata akigawa kwa haki kamili, kila mtoto atajibu mara moja katika vipindi vinne. Lakini hakuna anayegawa kwa haki kamili. Maswali huwaendea walewale kumi wanaonyoosha mikono huku wakipiga vidole na kuita “mimi mwalimu, mimi mwalimu”, na mengine hujibiwa na darasa zima kwa mwitikio mmoja. Huenda msichana wetu hajaulizwa swali tangu Pasaka. Kumwandikia kwamba hashiriki, wakati hajapata zamu, ni kumtoza deni la darasa lililojaa.

Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji fedha. Mwalimu achore ramani ya madawati kwenye ukurasa mmoja wa kaunta buku, na katika vipindi vichache vya wiki mbili aweke alama tofauti kwa yule aliyejitolea kujibu, kwa yule aliyeitwa na mwalimu, na kwa yule aliyeonekana akizungumza na jirani kuhusu kazi. Kama hawezi kuweka alama huku anafundisha, amwombe mwalimu mwenzake aliye na kipindi cha wazi aketi nyuma. Ramani hiyo huleta habari mbili. Ya kwanza ni kwamba wasiosema ni wengi kuliko tulivyodhani, huenda nusu ya darasa. Ya pili ni kwamba baadhi ya wakimya wana alama tele za kuzungumza na jirani. Huyo si mtoto asiyesema. Ni mtoto asiyesema mbele ya watu 79.

Kuna pia suala la muda anaopewa mtu kufikiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi vya sayansi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza. Ulikuwa kama sekunde moja tu, kisha mwalimu hurudia swali, humwita mwingine au hujijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, sababu zikaongezeka, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Jaribu kuhesabu sekunde tatu kimyakimya mbele ya darasa, utaona zilivyo ndefu. Msichana aliyekata neno “jua” na kuanza upya alihitaji zaidi ya hizo. Karatasi humsubiri. Kipindi cha maswali ya haraka hakimsubiri, na wakati sentensi yake inaiva, swali limeshahamia dawati la mbele.

Hesabu hiyo ikishafanyika, ndipo mwalimu amtazame mtoto mwenyewe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ukimya unaofanana kwa nje unaweza kuwa na mizizi tofauti, na kila mzizi unabadilisha kitakachoandikwa, au kama kuna kitakachoandikwa kabisa.

Sikio ndilo la kwanza, na ndilo linalosahauliwa. Mtoto aliyeumwa masikio mara kwa mara, yakatoa usaha na kupona bila kutibiwa vizuri, anaweza kuwa anasikia nusu. Hataki kujibu kwa sababu hana hakika ameulizwa nini. Dalili zake ziko kwenye daftari: akinakili ubaoni hakosei, lakini kwenye imla anachanganya sauti zinazokaribiana, “pata” inakuwa “bata”, “faa” inakuwa “vaa”. Hugeuza kichwa upande mmoja, huwatazama wenzake kwanza kabla ya kufungua kitabu. Mwalimu akisimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya kawaida bila yeye kugeuka, asiandike maoni yoyote juu ya ushiriki. Amhamishie mbele na amwite mzazi waende kituo cha afya.

Kigugumizi nacho hujificha vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto anayejua kwamba neno litamkwama hujifunza kusema “sijui” kwa swali ambalo jana aliliandika nusu ukurasa. Anaimba bila tatizo, anaitikia na wenzake bila tatizo, lakini akisimama peke yake anaganda. Pengo kati ya “sijui” ya mdomo na nusu ukurasa wa daftari ndilo la kumshtua mwalimu. Kwa mtoto huyo, “aongeze kujiamini” ni maneno yanayouma.

Lugha ni mzizi mwingine, ingawa kwa msichana wetu bado, kwa kuwa anasoma kwa Kiswahili. Mwaka baada ya mwaka, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufaulu, huingia Kidato cha Kwanza, na siku hiyohiyo masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Watoto waliokuwa wakisema hunyamaza. Aliyekuwa mkimya hutoweka. Mwalimu wa sekondari anaweza kupima kwa njia nyepesi: amuulize swali lilelile kwa Kiswahili, pembeni. Jibu likitoka zima, somo analijua na kilichobaki ni lugha, na maoni yaseme hivyo.

Kuna ukimya wa nadra ambao ni tatizo la wasiwasi hasa. Mtoto anazungumza nyumbani kama kasuku, anacheka, anabishana na ndugu zake, lakini akivuka geti la shule hatoi neno, hata kwa rafiki, hata akihitaji kwenda msalani. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotoka 2013 unauweka miongoni mwa matatizo ya wasiwasi, na unataka hali hiyo iwe imedumu angalau mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa kuanza shule. Mwalimu hawezi kuujua akiwa peke yake, kwa sababu hajawahi kumsikia mtoto nyumbani. Swali moja kwa mama, “Nyumbani anaongea?”, linafungua mlango. Hapo panahitajika mtaalamu, na fomu ya maendeleo si mahali pa kubuni ugonjwa.

Na uko ukimya wenye tarehe. Mtoto aliyekuwa akisema hadi Februari, akanyamaza Machi, huyo hana hulka ya ukimya. Kuna kitu kimetokea, nyumbani, njiani au hapohapo shuleni. Habari hiyo haiandikwi kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu wazima ambao huenda mmoja wao ndiye chanzo. Inapelekwa kwa mwalimu wa malezi na ushauri, na pakiwa na shaka ya kudhuriwa, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ipo Tanzania na Kenya.

Tukishaondoa hayo yote, anabaki mtoto wa mfano wetu: anasikia, hana kigugumizi, lugha anaijua, amekuwa hivi tangu Darasa la Kwanza, anamnong'oneza jirani yake majibu na jirani ananyoosha mkono. Hiyo ni hulka, na kwa sehemu ni malezi. Kwenye nyumba nyingi za pwani na hata bara, mtoto wa kike wa umri huo husifiwa kwa kutodakia maneno ya wakubwa na kwa kusema akiulizwa. Saa mbili asubuhi anaingia darasani na kukuta kwamba adabu ileile aliyosifiwa jana usiku sasa ni upungufu. Mwalimu akimwandikia mama yake kwamba “hana mchango darasani”, mama atasoma kwamba shule inamlaumu kwa kumlea vizuri. Atakasirika, au atamkaripia mtoto ili aseme, na yote mawili hayamfikishi mtoto popote.

Ila nisieleweke kwamba kusema mbele za watu si kitu. Ni stadi, inafundishwa, na mtoto huyu hajaipata bado. Katika mtaala wa Kenya unaozingatia umilisi, somo la Kiswahili limeweka Kusikiliza na Kuzungumza kando na Kuandika, na kila mada hupimwa kwa ngazi nne, kutoka Kuzidisha Matarajio hadi Mbali na Matarajio. Napenda mgawanyo huo kwa sababu moja. Mtoto anaweza kuonekana akikaribia matarajio upande mmoja na kuyazidi upande mwingine, bila upande mmoja kumeza mwingine. Fomu zetu nyingi zina alama moja ya somo na nafasi ya darasa, kwa hiyo kazi ya kutenganisha inaangukia kwenye ile mistari miwili.

Kabla ya kuandika, mwalimu ana jambo moja la kuthibitisha: kwamba majibu ni ya mtoto mwenyewe. Nyumba yenye kaka wa kidato cha nne inaweza kutoa kazi nzuri za nyumbani. Ushahidi uko katika ulinganifu. Kazi ya nyumbani, zoezi la darasani na mtihani zikiwa na sauti moja, basi ni wake. Mikato na masahihisho ni ushahidi pia, kwa sababu anayenakili huwa hana sababu ya kubadili mawazo katikati ya sentensi. Na mifano kama ile ya masika haitoki kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Sasa tuandike. Jaribio la kwanza la mwalimu mwenye nia njema huangukia upande wa pili: “Ni mwanafunzi bora, mtulivu na mwenye hekima ya pekee.” Mzazi atafurahi siku nzima. Lakini sentensi hiyo ingemfaa hata mtoto mwingine, na haimpi mtoto la kufanya. Watafiti John Hattie na Helen Timperley walipokusanya tafiti za mrejesho kwa wanafunzi mwaka 2007, walionyesha kwamba maneno yanayomhusu mtu mwenyewe, sifa kama “wewe ni hodari”, ndiyo husaidia kidogo kuliko yote, na yanayohusu kazi na namna ilivyofanywa husaidia zaidi. Mtoto akisomewa “mwenye hekima”, hajui alifanya nini ili airudie. Akisomewa kwamba alitaja mahali ambapo upepo hausaidii, anajua.

Kwa hiyo jaribio la pili linaanza na daftari:

“Hutoa sababu anapoandika. Katika swali la kukauka kwa nguo alieleza kazi ya upepo, kisha akataja lini upepo hausaidii. Mbele ya darasa zima bado hasemi, ila humweleza jirani yake majibu. Muhula ujao atasomea kundi la watu wanne jibu moja kila wiki. Nyumbani, mwombeni awasomee alichoandika.”

Tazama mpangilio wake. Kazi imetangulia, na imetajwa kwa jina ili mzazi aweze kufungua daftari na kuiona. Ukimya umesemwa bila kufichwa, lakini kwa kiwango chake halisi: mbele ya darasa zima, bado. Neno la jirani linamwambia mama kwamba mtoto wake si bubu shuleni. Kisha inakuja ahadi, na hapa ndipo maoni haya yanapoachana na mengi. Fomu za kawaida humwagiza mtoto peke yake: ajitahidi, aongeze, aache. Hapa mwalimu amejifunga yeye, kwa sababu kundi la watu wanne haliundwi na mtoto. Mzazi naye amepewa kazi anayoiweza hata kama hajui kusoma, maana kazi yake ni kusikiliza.

Hilo la kusoma halina udogo. Katika nyumba nyingi anayesoma fomu kwa sauti ni mtoto mwenyewe, akimsomea bibi. Mwalimu aandike akijua kwamba maneno yake huenda yakatamkwa na mdomo wa yule anayeandikwa. “Ni mkimya mno”, likisomwa na mkimya mwenyewe mbele ya bibi na wajomba, ni adhabu ndogo. Maoni ya jaribio la pili yanasomeka kwa sauti bila aibu.

Kasoro yake ni urefu. Mistari miwili haibebi maneno 40 na zaidi, na mwandiko wa kubana hakuna atakayeusoma. Ukipunguza, punguza sifa za jumla, na usiguse ushahidi wala ahadi: “Majibu yake ya sayansi yana sababu na mifano yake mwenyewe. Humweleza jirani, muhula ujao atalisomea kundi la wanne kazi yake. Nyumbani awasomee daftari.” Hiyo inaingia kwenye fomu yoyote.

Mwalimu mwenye wanafunzi 80 atauliza saa ngapi. Ana haki. Maoni ya namna hii, yakiandikwa siku ya mwisho kutoka kichwani, yatachukua dakika nne au tano kila moja, na hiyo ni zaidi ya saa tano mfululizo. Walimu wanaoweza ni wale wasioanza siku ya mwisho. Wanaposahihisha madaftari katikati ya muhula, wakikutana na jibu linalostahili, huandika nusu mstari kwenye kaunta buku mbele ya jina: “nguo, upepo, masika”. Maneno matatu yanatosha kurudisha jibu zima kichwani miezi miwili baadaye. Na kusema kweli, si kila mtoto atapata maoni kamili kila muhula. Kama nguvu ni za watoto 20 tu, ningeanza na wale wasio na alama kwenye ile ramani ya madawati, kwa sababu wengine wameshasikika.

Kuna mshindani mwingine wa maoni, naye amekaa juu yake kwenye fomu ileile: namba. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa shule huko Israeli. Waliopewa maoni peke yake waliboresha kazi zao na kuendelea kuzipenda. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo, kana kwamba maoni hayakuandikwa. Mwalimu wetu hawezi kufuta nafasi ya 11 kwenye fomu, wala mzazi hatakubali. Anachoweza ni kumwita mtoto kando, siku moja kabla ya kugawa fomu, na kumwambia maoni hayo kwa mdomo akiwa ameshika daftari lililo wazi kwenye ukurasa wa upepo. Dakika mbili. Nafasi ya darasa itakuja kesho na kelele zake, lakini itakuta jambo limeshasemwa.

Ahadi ya kundi la watu wanne inahitaji kufanywa kwa hatua. Mwalimu wa Marekani Frank Lyman ndiye aliyeupa umaarufu, mwaka 1981, utaratibu wa kuwaacha watoto wafikiri kwanza, wajadili wawili wawili, kisha waeleze wengine. Kwa mtoto anayeandika vizuri, hatua ya kwanza iwe kuandika: dakika tatu za kalamu kabla ya mdomo wowote. Julai amsomee jirani yake kutoka kwenye karatasi. Agosti kundi liwe la wanne, walewale kila wiki, wasibadilishwe. Wakati huo mwalimu anaweza kulisoma jibu lake moja mbele ya darasa bila kutaja jina, akiwa ameomba ruhusa yake. Mtoto anasikia mawazo yake yakijadiliwa na kuona kwamba hayakuchekwa. Hatua ya mwisho ni kuyasoma yeye, na aruhusiwe kusoma akiwa ameketi. Desturi yetu ya kumsimamisha mtoto ili ajibu huongeza mzigo ambao hauna uhusiano na sayansi. Kusimama kunaweza kungoja.

Dalili kwamba mwalimu amekwenda haraka huonekana kwenye maandishi kabla ya kuonekana pengine. Majibu yanafupika. Mikato inatoweka kwa sababu mtoto ameacha kujaribu wazo la pili, akihofu kwamba jibu zuri litamfanya aitwe mbele. Tumbo linaanza kuuma siku za kipindi kilekile. Hapo rudi hatua moja nyuma, bila hotuba.

Jambo dogo la ofisi: mwalimu mkuu huandika chini ya mwalimu wa darasa, na mara nyingi hupiga mhuri wa maneno yaleyale kwa wote. Nimeona fomu ambayo mwalimu wa darasa amesifu uandishi wa mtoto, na mstari wa chini yake ukasema “Aache uzembe”. Mzazi alisaini yote mawili. Kama mwalimu mkuu hana la kuongeza, sahihi yake inatosha.

Novemba fomu zitajazwa tena, na mwalimu atalazimika kufungua maoni ya Mei. Kama makundi yalifanyika, ataandika kilichotokea hata kikiwa kidogo: “Amelisomea kundi lake kazi zake karibu kila wiki tangu Julai. Mbele ya darasa zima amesoma mara moja, akiwa ameketi. Sasa anauliza maswali kwenye kundi. Mwakani aendelee na kundi.” Na kama makundi hayakufanyika, kwa sababu walimu wawili walihamishwa na darasa likaunganishwa na lingine, basi mtoto asiandikiwe kwamba hajabadilika. Yaandikwe yaliyotokea: “Uandishi wake umeendelea kuwa wa sababu na mifano. Zoezi la kusoma kwenye kundi hatukulifanya muhula huu. Litaanza Januari.”